"Mwisho ngapi?" Jinsi ya kuandika bei ya friji ili mtu aje kuiona

SWALI: "Kaka habari. Nipo Tabata, nauza friji ya milango miwili, nimeitumia miaka mitatu, nilinunua mpya 780,000. Niliposti 450,000 'maongezi yapo', meseji zikaja nyingi ila wote ni 'mwisho ngapi', mmoja akasema 250, hamna hata mmoja aliyekuja kuiona. Nikabadilisha nikaandika 'bei haipungui', kimya kabisa. Mi nikipata 400 nimefurahi, 380 nitavumilia, chini ya hapo bora nimpe mdogo wangu. Niandikeje nisionekane mgumu na pia nisichezewe?"

JIBU:

Dada yangu, hiyo 380 isitoke kwa simu wala kwa meseji. Hiyo ni namba ya mtu ambaye ameshafika hapo kwako, ameifungua friji, ameisikiliza kompresa na hela anayo tayari. Tangazo lenyewe kazi yake ni kumtoa mtu kwake mpaka Tabata, bei mtamalizana hapohapo. Matangazo yako yote mawili yalikuwa yanamaliza maongezi kabla mtu hajatoka kwake, la kwanza liliachia kila kitu na la pili likabana kila kitu, ndo maana matokeo yakawa yaleyale.

Ngoja nianze na huyu mtu wa "mwisho ngapi" maana wauzaji wengi wanamchukia bure. Mtu anayetafuta friji ya mtumba hapa Dar anakaa na simu jioni baada ya kazi, anaona friji kama kumi hivi, anatuma meseji moja kwa wote, "bado ipo? mwisho ngapi?", haimgharimu chochote. Hapo hajakupa ofa wala hajasema atanunua, anachuja tu ajue ipi aifuatilie. Ukimjibu kwa hasira umempoteza, na ukimtajia namba yako ya chini umeshaweka bei mpya, kwa sababu kichwani mwake tangazo lilisema 450, mwenye mali kasema 380, basi 380 ndo bei na maongezi yanaanzia hapo. Jumamosi anakuja, anaizunguka friji, anaona mkwaruzo, anakwambia "dada fanya 340 na mi kirikuu nalipa mwenyewe". Wewe huna tena pa kushukia, unabaki kusema "si nilishakwambia 380 ya mwisho", na yeye anaona unamkazia maana kwa mila zetu mtu hatoki nyumbani kwenda kununua kitu cha mkononi halafu alipe bila kupunguziwa hata elfu tano. Sio uchoyo huo, ndo heshima ya mteja ilivyo, anataka arudi nyumbani aseme alipunguziwa. Kwa hiyo lazima kiasi fulani ukibakize kwa ajili ya ile siku anayokuja.

Af kuna dalali. Huyu naye anauliza mwisho ngapi lakini kwa sababu nyingine, anataka ajue wewe unaishia wapi ili aweke cha juu chake. Ukimpa 380 atachukua picha zako ataziposti kwenye magrupu na statasi zake kwa 460 au 480, na mteja wa kweli ambaye tayari ameona tangazo lako la 450 anaiona friji ileile kwa bei mbili, hapo anaogopa anahisi kuna utapeli anaenda kwa mwingine. Kumjua sio kazi ngumu. Mnunuzi halisi anauliza inagandisha, ina muda gani, upo wapi, kwanini unaiuza, inakula umeme kiasi gani. Dalali anauliza vitu viwili tu, mwisho ngapi na "nitumie picha zaidi", haulizi hata upo mtaa gani. Simsemi vibaya dalali, wapo wanaouza vizuri na ukitaka kumtumia mkubaliane wazi, mwambie mi nataka 400 mkononi mwangu ukiuza zaidi ni chako, ila iwe ni uamuzi wako, isiwe umempa tu namba bila kujua ataifanyia nini.

Sasa tuje kwenye namba yenyewe, maana hapa ndo watu wengi wanakosea hata kabla ya maneno. Wewe uliweka 450 ukitegemea 400. Mnunuzi wa Kitanzania kwenye bei za laki laki anakata kwa hamsini hamsini au anashuka kwenye namba ya duara iliyo chini yake. Kwa 450 namba ya duara ni 400, ila 400 ndo anaianza nayo kama ni mpole, na kama sio mpole anaanza na 300, halafu mnakutana katikati kwenye 380 au hata 375. Yaani 450 inaonekana ina nafasi kubwa lakini kwa mtindo wetu wa kubageni inakupeleka kwenye 380 moja kwa moja. Weka 430. Mtu akiona 430 kichwa chake chenyewe kinaiona 400 hapo chini, anasema "fanya laki nne", na laki nne ndo unayoitaka. Akianza na 370 mnakutana 400. Na mtu anayetaka kuanza na 300 kwenye 430 mwenyewe anasikia aibu kidogo, kwenye 450 yenye maongezi yapo hasikii aibu hata ya 250, si umeona.

Kuna kitu kimoja cha kuangalia hapo. Wanunuzi wengi kwenye Jiji na Facebook Marketplace wanachuja kwa bei, mtu ana laki nne anaweka kiwango cha juu 400,000, friji yako ya 430 haoni kabisa. Kama ungekuwa radhi na 370 ningekwambia weka 400 kamili uingie kwenye huo mchujo, lakini kwa kuwa unaitaka 400 yenyewe, baki na 430 kwa sasa, hiyo 400 tutaitumia baadaye kama haijatoka. Kabla hujaweka lakini pitia matangazo mengine ya friji za lita hizohizo na kampuni hiyohiyo, na ukumbuke hizo ni bei za kutamani, sio bei zilizouziwa. Lililokaa miezi kwa 500 linakuonyesha tu kwamba 500 haiuziki. Yale yaliyotoka haraka ndo ya kufuatilia, na hata ukipiga simu mbili tatu kama mnunuzi ukauliza "naweza kuja kesho, tunaongea ngapi" utapata picha nzuri ya soko lilipo. Ile 780 uliyonunulia inasaidia ukiitaja pamoja na risiti, bila risiti usiitaje, mtu anaona unajitetea.

Maneno sasa. "Maongezi yapo" peke yake haina shida kwa maana, shida ni kwamba haina masharti. Haijasema maongezi na nani, wapi, kwa kiasi gani, kwa hiyo kila mtu mwenye bando anaona ni haki yake kuongea. Ukiiongezea maneno machache inabadilika kabisa: "maongezi kidogo yapo ukija kuiona". Hapo umesema vitatu kwa mpigo, kwamba hujakaza, kwamba kitakachopungua ni kidogo, na kwamba kinapatikana kwa anayefika. Mtu wa mwisho ngapi bado atauliza, sikudanganyi, lakini sasa una jibu ambalo tayari limeandikwa na haionekani kama umemkwepa.

"Bei haipungui" inafanya kazi kwenye hali moja tu, pale ambapo bei inaonekana kwa macho iko chini ya soko na umeeleza kwanini. Ungeiweka friji 360 ukaandika "nahama mwisho wa mwezi, nimeiweka chini ili itoke haraka, kwa hiyo haipungui tena", watu wangekuja. Ila 450 haipungui, mtu anasema huyu kaweka tangazo ili asiuze, anapita. Na ujue hiyo sababu ya kuhama ina makali pande zote mbili, ukitaja tarehe kabisa, labda tarehe 30, wapo watakaosubiri tarehe 28 wakupigie wakijua umebanwa. Andika "nahama" bila tarehe. "Nina shida ya hela haraka" hiyo usiandike kabisa hata kama ni kweli, ni kuita watu wa 250.

Kuna wale wanaoandika "bei maelewano" bila namba, au "njoo inboksi", au kwenye Marketplace wanaweka bei TSh 1 au 1234 halafu bei halisi hamna. Wanadhani wanamvuta mtu aulize. Ukweli ni kwamba mnunuzi mwenye hela anaruka, kwa sababu anadhani ama bei ni kubwa ama unataka kumpima uwezo kwanza ndo umtajie, na anayebaki kuuliza ni yule asiye na haraka. Plasi kwenye mchujo wa bei tangazo lako linakaa na vitu vya ajabu. Namba iwepo, na iwepo juu kabisa, isiwe mstari wa mwisho.

Halafu maneno makali. "Wasumbufu msinipigie", "kama huna hela pita", "sio wa kuuliza mwisho ngapi". Naelewa kabisa kwanini mtu anafika huko, amechoka. Lakini huyo msumbufu hasomi, ameona picha na bei akatuma meseji, hayo maneno hajayaona. Anayeyasoma ni mama mmoja mtulivu ambaye ana hela yake na anasoma kila mstari kabla ya kupiga, na yeye ndo anasema moyoni, huyu muuzaji ana mdomo, nikikuta tatizo nitamrudia vipi. Unamfukuza mteja wako mwenyewe. Toa yote hayo.

Sasa kitu ambacho hakionekani kama kinahusu bei lakini ndo kinachoishikilia bei kuliko maneno yote: kasoro. Mtu akikuta kwenye friji kitu ambacho tangazo halikusema, ameshapata sababu ya kuanza maongezi upya, na safari hii ana haki. Mkwaruzo wa elfu tano utakugharimu elfu thelathini kwa sababu tu hukuutaja. Lakini kasoro uliyoiandika mwenyewe na kuipiga picha imeshaingia kwenye bei, akiitaja unamwambia kwa upole "ndo maana nimeweka 430 kaka, isingekuwa hiyo ningeanzia 480". Kwenye friji watu wanaangalia mpira wa mlango kama unashika vizuri, kutu chini na nyuma, droo za chini kama hazijapasuka, taa ya ndani, kompresa kama inanguruma sana, na kama ilishawahi kufunguliwa ikaongezwa gesi. Mwenye akili anakuja na fundi wake, na fundi naye lazima aonekane amefanya kazi kwa hiyo atatafuta kitu cha kusema. Ukiwa umeshakisema wewe anakosa pa kushika.

Na ushahidi kwamba inafanya kazi uweke kwenye picha, weka chupa ya maji fiza iachwe usiku mzima, asubuhi piga picha ikiwa imeganda. Hiyo picha moja inafuta maswali mengi ya "inagandisha vizuri?" na inampa mtu nguvu ya kupanda daladala. Ongeza picha ya stika ya nyuma inayoonyesha modeli, lita, na aina ya gesi, R600a au R134a, maana fundi wa mteja atauliza na mteja akiwa na majibu tayari anakuja akiwa ameshaamua nusu.

Tangazo lako mi ningeliandika hivi, ubadilishe kulingana na friji yako ilivyo:

"Friji milango miwili, 430,000. Ipo Tabata. Imetumika miaka mitatu na familia ya watu wanne, haijawahi kufunguliwa wala kuongezwa gesi, risiti ya dukani ipo. Inagandisha vizuri, ona picha ya chupa. Kasoro: mlango wa chini una mbonyeo kidogo pembeni (picha ya nne) na droo moja ya mboga ina ufa, bei imeshahesabu hivyo. Fridge gadi yake inaenda nayo. Maongezi kidogo yapo ukija kuiona, kuanzia saa kumi na moja jioni, wikiendi muda wowote. Usafiri ni wa mnunuzi, kirikuu wapo hapa jirani naweza kukuunganisha. Malipo ukishaijaribu, keshi au kwa simu pamoja na ya kutolea. Haiwekwi oda, anayewahi kuja ndo anachukua."

Angalia vitu vichache humo. Fridge gadi imetajwa kwamba inaenda nayo, na ina thamani yake kwa mtu wa Dar anayejua umeme unavyokatika na kurudi kwa nguvu. Kama unaona unahitaji silaha zaidi kwenye maongezi, itoe kwenye tangazo uibakize mfukoni, mtu akibana kwenye 390 unamwambia "lipa 400 nikuachie na fridge gadi", wengi wanakubali kwa sababu wangeenda kuinunua hata hivyo. Chagua moja, usifanye yote mawili.

"Pamoja na ya kutolea" inaonekana ndogo, ila mtu akikutumia 400 kavu kwa simu, ukienda kuitoa kwa wakala unakatwa elfu kadhaa, na ukianza kudai baada ya yeye kushatuma inaleta maneno mlangoni wakati friji ipo juu ya gari. Ikiwa imeandikwa hamna anayeshangaa. Usafiri vivyo hivyo. Mnunuzi wa Mbagala hesabu yake sio 430, ni 430 na kirikuu na vijana wa kubeba, na anachokuombea upunguze mara nyingi ni hiyo nauli. Ukimuunganisha na kirikuu wa hapo jirani unayemjua, akapata bei nzuri, ameshapunguziwa na wewe hujatoa shilingi.

"Malipo ukishaijaribu" usiitoe. Watu wametapeliwa sana kwa kutuma advansi kwa vitu vya mtandaoni, kwa hiyo tangazo lolote lenye harufu ya "tuma kwanza nikuwekee" linawakimbiza waaminifu. Na kwa sababu huchukui advansi, haiwekwi oda pia, vinginevyo utamshikia mtu mpaka wiki ijayo kisha hatokei. Kama ni kwenye Jiji, wakati wa kuweka tangazo unaulizwa kama bei inazungumzika, chagua kwamba inazungumzika ili ifanane na ulichoandika chini, maana watu wanaona vyote viwili.

Meseji zikianza kuja jibu karibu lilelile kwa kila mtu, fupi, kwa adabu: "Ipo kaka. Bei 430, cha kupungua kidogo tutaongea ukiiona. Upo maeneo gani, unaweza kufika lini?" Hilo swali la mwisho ndo chujio lako wewe. Anayejibu "nipo Segerea naweza Jumamosi" ni mteja. Anayerudia "we nitajie tu mwisho" mara ya pili, mwambie "nisikudanganye, nikiwa nimekuona na umeiona tutaelewana, hatutashindwana", basi, usiendelee. Wapo watakaopotea hapo na sio hasara, hawakuwa wanakuja.

Ila kuna mtu mmoja anayestahili kusogezewa kidogo kwenye simu, ni yule anayetoka mbali. Mtu yupo Kibaha au Bagamoyo, ana haki ya kujua kama anakuja bure. Huyo usimpe 380, mwambie "ukifika na gari siku hiyohiyo ukachukua, tutakuwa kwenye laki nne na kitu, chini ya laki nne usije kwa matumaini hayo". Hapo umempa ukweli wa kutosha kufunga safari na bado umebaki na chako. Na yule wa 250 usimtukane, "asante kaka, hapo sitafika, ukipata nafasi ya kusogea karibu na 400 karibu sana". Nimeona wengi wa aina hiyo wanarudi baada ya wiki wakiwa wamezunguka sokoni na kugundua friji za 250 zinavyokuwa.

Siku mtu anakuja iwashe tangu usiku uliopita, sio asubuhi, friji inahitaji masaa ndo igandishe kweli, na akikuta ndo kwanza imewashwa atadhani unaficha kitu. Mwache aangalie kwanza, usianze wewe kutaja bei. Akisema "haya dada tufanyeje hapo", rudi kwenye 430 halafu nyamaza umsikilize yeye aseme. Tuseme anasema 360. Usiruke moja kwa moja kwenye 400, maana ukishuka 30 kwa mkupuo anajua zipo 30 nyingine. Sema 420. Yeye anakuja 380. Wewe 410. Hapo ndo anasema "basi tumalize laki nne", na wewe unanyamaza kidogo kisha unakubali, na anaondoka na furaha kwa sababu 400 kaisema yeye. Kila hatua unashuka iwe ndogo, 10 na 10, hiyo ndo lugha inayomwambia kwamba mwisho upo karibu bila wewe kutamka neno mwisho. 380 yako itoe tu kama hela ipo, gari limesimama nje, na umeona kweli hana zaidi, na uifunge na kitu: "sawa, 380, lakini fridge gadi inabaki".

Kama wiki mbili zinapita bila kuuza, usikimbilie kushusha, angalia kwanza kinachokwama ni nini maana kila dalili ina dawa yake. Hamna anayepiga wala kutuma meseji, hapo tatizo ni bei au picha ya kwanza, na mara nyingi ni picha, friji ikipigwa gizani jikoni na masufuria juu inaonekana ya miaka kumi. Meseji zipo ila hamna anayekuja, basi kuna kitu kwenye tangazo hakieleweki, labda eneo, labda muda, au majibu yako yanachelewa, mtu aliyetuma saa mbili usiku akijibiwa kesho yake mchana ameshaongea na mwingine. Watu wanakuja wanaangalia wanaondoka bila hata kubageni, hiyo ni mbaya zaidi, maana yake friji waliyoikuta sio waliyoisoma, na hapo kushusha bei hakusaidii, rekebisha maelezo na picha.

Ikibidi kushusha, shusha mara moja kwa hatua inayoonekana, kutoka 430 mpaka 400, uingie kwenye ule mchujo wa laki nne niliosema, na ubadilishe maneno yaendane: "imeshuka kutoka 430, sasa 400, hapa maongezi hayapo tena isipokuwa usafiri tusaidiane". Sasa haipungui inaaminika kwa sababu watu wanaona umeshapunguza. Kushusha elfu kumi kila baada ya siku mbili kunaharibu, wanaofuatilia tangazo wanaona mwelekeo na wanasubiri tu iendelee kushuka. Na kabla hujabadilisha bei hadharani, rudi kwa wale waliouliza kwa dhati wakaacha, wale walioulizia umeme na eneo, watumie meseji mmoja mmoja: "kaka, ile friji ya Tabata naishusha kesho kuwa 400, nimeona nikwambie wewe kwanza". Mara nyingi friji inatoka kwenye hizo meseji hata tangazo halijabadilishwa.

Kwa gari au kiwanja hesabu ni nyingine kabisa, mtu anakata kwa laki tano au milioni na dalali yumo karibu kila mahali, usichukue hizi namba ukazipeleka huko. Lakini kwa vitu vya ndani, friji, kochi, tivii, kabati, majiko, pengo la asilimia saba mpaka kumi kati ya bei ya tangazo na ile unayoitaka linatosha. Zaidi ya hapo unaita watu wa 250, pungufu ya hapo huna cha kumpa aliyetoka kwake.

Ikishauzwa ingia siku hiyohiyo uandike "imeuzwa" au ulifute, na akikuuliza mtu uliuza ngapi usimtajie, hasa kwenye grupu la WhatsApp la mtaani, maana aliyenunua yumo humo anasoma, na wewe ukija kuuza kochi mwezi ujao wote watakuwa wanajua ulishuka kiasi gani.